Kilojuli Saba za Garissa: Joto Lilikwenda Wapi?

Katika sehemu ya majadiliano ya ripoti ya maabara kuna sentensi ambayo kila aliyesoma kemia ya kidato cha nne nchini Kenya anaifahamu: thamani tuliyoipata ni ndogo kuliko ya kitabu kwa sababu joto lilipotea kwenye mazingira. Sentensi hiyo si uongo. Kasoro yake ni kwamba mtu anaweza kuiandika kabla hajamimina asidi, kwa kuwa haitegemei chochote kilichoonekana mezani. Limuru, kwenye ukungu na baridi, huandikwa hivyo. Garissa, kando ya Mto Tana, kwenye mwinuko wa mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mchana joto hupita nyuzi 33 kwa sehemu kubwa ya mwaka, huandikwa hivyo hivyo bila kubadilishwa hata neno. Maelezo yanayofaa kila mahali namna hiyo hayajaeleza mahali popote. Ninachosisitiza katika safu hii ni kwamba sababu yoyote inayotajwa katika majadiliano inapaswa kuja na mambo matatu: inavuta jibu upande gani, inalivuta kwa kiasi gani, na inaacha alama gani ya kutambulika. Tukiyadai hayo matatu kwa jaribio lililofanywa Garissa, tutaona kwamba hewa inayolaumiwa siku zote imechukua sehemu ndogo kabisa ya joto, na kwamba hata namba ya kitabu inastahili kuulizwa maswali.

Tuanze na kinachotoa joto. Asidi ya hidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, zikiwa majimaji, zimeshavunjika kuwa ioni kabla hazijakutana. Zinapochanganywa, ioni za sodiamu na za kloridi hubaki zinaelea kama zilivyokuwa. Tendo lenyewe ni moja tu, nalo ni ioni ya haidrojeni kushikana na ioni ya haidroksaidi na kuwa maji: H⁺ + OH⁻ → H₂O. Ndiyo maana asidi kali yoyote ikizimana na besi kali yoyote hutoa joto linalokaribiana kwa kila moli ya maji. Jambo hili lilijulikana tangu enzi za Germain Hess, aliyetangaza kanuni yake ya joto mwaka 1840 akiwa St. Petersburg. Baadaye Julius Thomsen wa Copenhagen alilipima kwa uangalifu mkubwa akapata kalori zipatazo 13,700 kwa moli. Kwa vipimo vya leo hizo ni kilojuli 57.3, na hiyo ndiyo namba ambayo vitabu vingi vya shule bado vinaitaja, wakati mwingine ikiwa 57.1 au 57.2. Tuishike namba hiyo, tutairudia.

Sasa tuchukue jaribio la mfano, lenye namba ambazo darasa lolote linaweza kuzipata. Sentimita za ujazo 50 za asidi ya moli 1.0 kwa lita zimewekwa katika bika ya kioo. Sentimita 50 za besi, ambayo lebo ya chupa inasema ni moli 1.0 kwa lita, ziko kando katika silinda ya kupimia. Chumba kina nyuzi 33. Majimaji yote mawili yamekaa katika beseni moja la maji hadi yakalingana, na kipimajoto kinasoma nyuzi 30.5. Besi inamiminwa kwa mara moja, inakorogwa, na baada ya dakika moja kipimajoto kinafika 36.5, kisha kinaanza kushuka polepole. Mwanafunzi anapiga hesabu aliyofundishwa: gramu 100 mara juli 4.2 mara nyuzi 6.0 ni juli 2,520. Anagawa kwa moli 0.050 na kupata kilojuli 50.4 kwa moli, zikiwa na alama ya kutoa mbele kwa kuwa joto limetoka. Kitabu kinasema 57.3. Pengo ni kilojuli 6.9, yaani asilimia 12. Pengo hilo ndilo majadiliano yanatakiwa kulieleza.

Mtuhumiwa wa kwanza ni hewa ya chumba, kwa sababu ndiye anayetajwa kila mara. Joto hutoka kwenye kitu na kwenda hewani kulingana na tofauti ya joto kati ya hivyo viwili, na katika jaribio letu mchanganyiko wenye nyuzi 36.5 umekaa katika chumba chenye nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi tatu na nusu tu. Lakini hatuhitaji kubishana kwa nadharia, kwani bika yenyewe inaweza kutuambia. Baada ya kilele, mwanafunzi aendelee kusoma kipimajoto kila dakika. Tuseme ndani ya dakika tano joto limeshuka kutoka 36.5 hadi 36.0. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa dakika. Kilele kilifikiwa baada ya dakika moja, kwa hiyo hewa haikupata nafasi ya kuiba zaidi ya nyuzi 0.1. Ukichora grafu na kuurudisha mstari wa kushuka nyuma hadi dakika ya kumimina, utaona kwamba kilele halisi kingekuwa 36.6. Nyuzi 0.1 ikibadilishwa kuwa joto haifiki kilojuli moja kwa moli. Tulikuwa tunatafuta karibu saba. Hewa ina hatia, ila hatia yake ni ndogo, na grafu ya dakika tano ndiyo ushahidi.

Hapa kuna mapingamizi mawili, na kila moja linavuta upande wake. Mpingaji wa kwanza atasema Garissa kuna joto sana, kwa hiyo joto halipotei kabisa na thamani inapaswa kuwa bora kuliko ya nyanda za juu. Hoja hiyo inasahau kwamba kinachoamua ni tofauti, wala si ukali wa jua. Katika chumba cha Limuru chenye nyuzi 18, majimaji yanayoanza kwa 18 yatapanda hadi 24 hivi, na tofauti yake na chumba itakuwa nyuzi sita. Yakianza Garissa kwa joto la chumba cha huko, tofauti itakuwa ileile sita. Wa pili atasema Garissa joto hupotea zaidi kwa sababu maji huwa mvuke upesi. Huyu ana sehemu ya ukweli: msukumo wa mvuke wa maji katika nyuzi 36 ni karibu mara mbili ya ule wa nyuzi 24, na upepo mkavu ukipita dirishani juu ya bika iliyo wazi huondoa joto pamoja na mvuke. Lakini upotevu huo nao umo ndani ya ule mstari wa kushuka tuliouchora. Mstari hauulizi joto lilitoka kwa njia gani, unahesabu lote kwa pamoja. Ukiona unashuka kwa kasi kubwa, funika bika kwa kadibodi yenye tundu la kipimajoto na urudie. Kasi ikipungua, umempata mhusika.

Mvuke una madhara mengine yasiyotajwa, nayo ni makubwa kuliko yale ya baada ya kilele. Kila nyumba ya Garissa inajua kwa nini maji ya mtungi huwa baridi ingawa mtungi umekaa katika chumba chenye joto: maji yanayopenya udongo huwa mvuke na kuondoka na joto. Maji yaliyo wazi katika bika, kwenye hewa kavu, hupoa kwa njia hiyohiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana katika jaribio letu majimaji yalikuwa na nyuzi 30.5 wakati chumba kina 33. Sasa mfikirie mwanafunzi ambaye hakupima joto la mwanzo la majimaji, akasoma kipimajoto cha ukutani na kuandika 33. Mpando wake unakuwa nyuzi 3.5 badala ya 6.0, na jibu lake linaanguka hadi kilojuli 29.4. Karibu nusu ya joto imetoweka kwenye karatasi, na hakuna hata juli moja iliyopotea kwenye mazingira. Alama ya kosa hili ni rahisi kuitambua: joto la mwanzo lililoandikwa ni lilelile kwa meza zote za darasa. Nayo dawa ni kupima asidi, kupima besi kwa kipimajoto kilekile kilichooshwa na kupanguswa, na kuchukua wastani wa vipimo hivyo viwili.

Mtuhumiwa mkubwa amekaa mezani mbele ya kila mtu, naye ni bika yenyewe. Hesabu ya mwanafunzi ilichukulia kwamba gramu 100 za maji ndizo pekee zilizopashwa joto. Lakini kioo kinachogusana na maji hayo kilipanda pamoja nayo. Tuseme sehemu ya bika inayopata joto ina uzito wa gramu 50. Gramu moja ya kioo huhitaji takriban juli 0.8 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo bika yetu inahitaji juli 40 kwa kila nyuzi. Ikipanda nyuzi sita imekunywa juli 240. Gawa kwa moli 0.050 nawe utapata kilojuli 4.8 kwa moli. Zaidi ya theluthi mbili ya pengo letu imo ndani ya kuta za bika. Joto hili halikwenda hewani, na kufunika bika hakungeliokoa. Anayeandika kwamba joto lilipotea kwenye mazingira bila kusema ni mazingira yapi atajikuta anapendekeza dawa isiyo yake: atafunga madirisha, ataweka kifuniko, na jibu lake litabaki pale pale. Aliyeandika kwamba joto liliingia kwenye kioo atajua kwamba dawa ni kubadilisha chombo, au kuongeza juli 40 kwa kila nyuzi katika hesabu.

Inayofuata ni chupa ya besi. Sodiamu haidroksaidi huuzwa ikiwa vipande vidogo vyeupe, na vipande hivyo vina tabia mbili za kusumbua. Hunyonya unyevu wa hewa hadi vikalowa, na hunyonya kaboni dayoksaidi na kugeuka kidogokidogo kuwa kabonati. Mkebe uliofunguliwa mara nyingi, hasa miezi ya mvua ya Aprili au Novemba, una ndani yake kitu kilichopungua nguvu, ingawa mizani inaonyesha gramu 40 kamili. Lebo itaandikwa moli 1.0, na ndani kuna 0.98 au 0.95. Kwa kuwa asidi ipo ya kutosha, kiasi cha maji yanayoundwa kinaamuliwa na besi iliyopo kweli. Ikiwa ni 0.98, moli ni 0.049, wala si 0.050, na jibu limeshushwa kwa asilimia mbili bila joto lolote kupotea. Njia ya kujua ni utaitreshaji: pima kwa pipeti sentimita 25.0 za besi, teremsha asidi ya moli 1.0 kutoka kwenye bureti, nawe ukihitaji sentimita 24.5 tu ili rangi ibadilike, umeshajua ukolezi wa kweli. Kabonati nayo hujionyesha. Ukirudia utaitreshaji kwa fenofthalini na kwa methili oranji, besi safi itatoa vipimo vinavyolingana. Vikiachana, methili oranji ikidai asidi zaidi, kabonati imeingia. Kabonati inapokutana na asidi hutoa joto dogo sana kuliko haidroksaidi, kwa hiyo nayo hulivuta jibu chini.

Hadi hapa kila sababu imelishusha jibu. Majadiliano ya kweli yanatafuta pia kile kinacholipandisha, maana asiyekitafuta ni kama hakimu aliyesikiliza upande mmoja. Katika hesabu yetu kipo. Tulitumia juli 4.2 kwa kila gramu kana kwamba mchanganyiko ni maji matupu, na tukahesabu sentimita 100 kuwa gramu 100. Kwa kweli kilichomo ni maji ya chumvi yenye moli 0.5 ya kloridi ya sodiamu kwa lita. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji safi, lakini kila gramu yake inahitaji joto pungufu ili ipande nyuzi moja. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, sentimita 100 za mchanganyiko wetu zinahitaji takriban juli 409 kwa kila nyuzi badala ya 420. Hesabu ya shule imeongeza karibu asilimia tatu kwenye jibu. Kwa maneno mengine, kosa hili lilikuwa linayaficha makosa mengine. Lau lisingekuwepo, pengo la awali lingeonekana kubwa zaidi ya kilojuli 6.9.

Sasa tufunge hesabu. Mpando uliorekebishwa kwa grafu ni nyuzi 6.1. Mchanganyiko umechukua juli 409 mara 6.1, yaani karibu 2,495. Kioo kimechukua juli 40 mara 6.1, yaani 244. Jumla ni juli 2,739. Moli za maji zilizoundwa ni 0.049. Ukigawa unapata kilojuli 55.9 kwa moli. Tumetoka 50.4 tukafika 55.9 bila kubuni chochote, kwa grafu ya dakika tano, uzito wa bika, bureti moja na uwezo wa maji ya chumvi kubeba joto. Pengo lililobaki na namba ya kitabu ni kilojuli 1.4. Wengi wangeridhika hapo na kusema lililobaki ni makosa madogomadogo. Lakini ndipo swali la Garissa linapoanza kuwa na uzito wake.

Neno nadharia katika ripoti hizi linatumika kana kwamba 57.3 ni namba ya milele, kumbe nayo ilipimwa mahali fulani, katika joto fulani. Thomsen alifanya kazi yake katika joto la karibu nyuzi 18. Joto la kuzimana kwa asidi na besi hubadilika na joto la majimaji: kila nyuzi moja inayoongezeka hulipunguza kwa takriban kilojuli 0.22. Chanzo chake ni kwamba ioni mbili zinazoyavuta na kuyapanga maji yanayozizunguka hupotea na mahali pake pakabaki molekuli ya kawaida ya maji, na tofauti hiyo ya mpangilio hubadilisha kiasi cha joto ambacho majimaji yanaweza kubeba kabla na baada ya tendo. Thamani inayokubalika leo kwa nyuzi 25, majimaji yakiwa yamezimuliwa kupita kiasi, ni kilojuli 55.8. Rudi nyuma nyuzi saba hadi 18 nawe utaikuta 57.3 ya Thomsen. Nenda mbele hadi nyuzi 30 au 31, kama majimaji yetu ya Garissa, nayo inashuka hadi karibu 54.6. Mwanafunzi anayelinganisha jibu lake na 57.3 analinganisha maabara yake na chumba chenye baridi cha Copenhagen.

Tusivuke mpaka kwa furaha ya hoja hii. Majimaji yetu hayakuzimuliwa kupita kiasi, yalikuwa na moli moja kwa lita, na asidi yenye ukolezi huo inapochanganywa na besi huzimuliwa pia, na kuzimuliwa huko hutoa joto la ziada. Ongezeko lake ni kilojuli moja hadi mbili. Kwa hiyo matarajio ya haki kwa jaribio letu si 54.6 wala si 57.3, ni karibu 56. Jibu letu lililosahihishwa, 55.9, linakaa vizuri hapo. Mambo mawili, joto la mahali na ukolezi, yamevutana na kuacha tofauti ndogo. Lakini kutoonekana kwa tofauti si sawa na kutokuwepo kwa sababu, na mwandishi wa ripoti anayefahamu hayo hatashangaa pale mwenzake wa Wajir au Mandera, akitumia majimaji hafifu zaidi siku ya joto kali, atakapopata thamani iliyo chini ya 55 hata baada ya kusahihisha kila kitu.

Linabaki jambo ambalo laweza kuiangusha hoja yangu yote, nalo ni kipimajoto. Vipimajoto vingi vya shule vina mistari ya nyuzi moja moja, na jicho zuri husoma hadi nusu nyuzi. Kila usomaji basi una shaka ya robo nyuzi juu au chini, na mpando, unaotokana na kutoa usomaji mmoja kutoka kwa mwingine, unaweza kuwa na shaka ya nusu nyuzi. Katika mpando wa nyuzi sita hiyo ni zaidi ya asilimia 8, sawa na kilojuli nne na zaidi kwa moli. Jibu letu la 55.9 kwa hiyo laweza kuwa 51.3 au 60.5. Ndani ya upana huo zimo 54.6, 55.8 na 57.3 zote. Ripoti ya kweli haina budi kukiri kwamba kwa kipimajoto hicho haiwezi kudai imeona athari ya joto la Garissa kwenye tendo lenyewe. Inachoweza kudai ni kwamba mchango wa bika unakaribia shaka yote ya kipimajoto na unaelekea upande mmoja siku zote, hivyo hauondolewi kwa kurudia jaribio. Shaka ya usomaji inaweza kwenda juu au chini, na ndiyo inayopungua meza kumi zikichukua wastani. Bika huiba upande uleule kwenye meza zote kumi. Wastani wa darasa ukiwa 50, hiyo ni dalili kwamba kinachotafutwa ni kosa la mfumo, wala si jicho la mtu mmoja.

Mwalimu mwenye darasa kubwa na mtihani mbele yake atauliza: haya yote ya nini, ikiwa jibu la joto kupotea kwenye mazingira linakubalika katika mtihani? Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu mwanafunzi anastahili kupata alama zake. Jibu langu ni kwamba anayesema joto lilifyonzwa na bika na kipimajoto, na kidogo likaenda hewani, ametaja mazingira kwa majina. Hapotezi chochote, na anapoulizwa jinsi ya kuboresha jaribio ana jibu linalotokana na hesabu. Kinachoharibika pale sentensi moja inapokaririwa ni ule uwezo wa kutofautisha aliyepata 50.4 kwa sababu ya kioo na aliyepata 29.4 kwa sababu alisoma kipimajoto cha ukutani. Wote wawili wataandika maneno yaleyale, na wa pili hatajua kamwe kwamba alikosea.

Pingamizi la vifaa ni zito zaidi. Kaskazini Mashariki imepitia upungufu mkubwa wa walimu, hasa tangu mwaka 2020, pale Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipowahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu za usalama. Darasa lisilo na mwalimu wa kemia haliwezi kulaumiwa kwa kukariri. Lakini angalia marekebisho tuliyoyafanya yalihitaji nini. Kupima uzito wa bika kunahitaji mizani ileile iliyopima besi. Kusoma kipimajoto dakika tano zaidi kunahitaji subira. Bureti na pipeti zipo kwa ajili ya utaitreshaji wa kila muhula. Na kikombe chepesi cha plastiki cha gramu chache, kinachouzwa dukani, hunywa joto dogo mno kuliko bika ya kioo. Penye upungufu ndipo majadiliano yaliyofikiriwa yanapohitajika zaidi, kwa kuwa chombo hafifu kinachofahamika kasoro yake hutoa jibu la kuaminika kuliko chombo kizuri kisichohojiwa.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la haki kuliko yote: je, hatukuchagua marekebisho hadi namba ikatokea tuliyoitaka? Mtu akijua jibu ni 57 anaweza kuongeza juli hapa na kupunguza moli pale mpaka afike. Ulinzi dhidi ya hilo ni mmoja, nao ni kutabiri kabla ya kupima. Ikiwa kweli bika ndiyo iliyokunywa joto, basi jaribio lilelile, kwa majimaji yaleyale, likifanywa katika kikombe chepesi, kilele kitafika karibu nyuzi 37.0 badala ya 36.5, na hesabu ya kawaida ya shule, bila marekebisho yoyote, itapanda kutoka 50.4 hadi karibu 54.6. Nusu nyuzi ni kiasi ambacho hata kipimajoto cha mistari ya nyuzi moja kinaweza kukiona, hasa meza kadhaa zikishirikiana. Na tukitumia asidi na besi za moli 2.0, mpando utakuwa karibu nyuzi 12, na shaka ya kipimajoto itapungua kwa nusu. Utabiri huo uandikwe kwenye ripoti kabla ya kikombe kuguswa. Kipimajoto kikibaki 36.5, basi nimekosea kuhusu kioo, na sababu itafutwe kwingine, kwenye chupa ya besi kwanza.

Kwa hiyo majadiliano ya jaribio letu yangeandikwa hivi. Thamani iliyopatikana, 50.4, ni ndogo kuliko 57.3 kwa kilojuli 6.9. Kati ya hizo, takriban 4.8 zilifyonzwa na bika ya kioo, moja hivi imetokana na besi iliyokuwa 0.98 badala ya 1.0 kama utaitreshaji ulivyoonyesha, na chini ya moja ilikwenda hewani kwa mujibu wa grafu. Kuchukulia maji ya chumvi kama maji safi kuliongeza jibu kwa asilimia tatu, na kuliondoa kosa hilo kumelirudisha chini. Thamani iliyosahihishwa ni 55.9, yenye shaka ya 4.6 kutokana na kipimajoto, nayo inaafikiana na matarajio ya karibu 56 kwa majimaji ya nyuzi 30.5 yenye ukolezi huu. Jaribio lijalo litatumia kikombe chepesi, na tunatarajia kilele cha nyuzi 37.0. Maneno hayo hayawezi kunakiliwa kutoka kwa jirani wala kuandikwa usiku wa kuamkia jaribio, kwa sababu kila namba iliyopimwa ilitoka kwenye meza ile, siku ile, katika chumba kile cha Garissa.